Jina lipo kwenye orodha, pesa zimekwenda kwingine: mwongozo kamili wa kukagua mkopo au kazi inayodai ada ya usajili

Wasomaji wetu wa Nakuru, Kisumu na Kakamega wanakwama mahali pale pale. Wanaona tangazo la mkopo, wanakumbuka onyo tulilotoa, wanafungua orodha ya wakopeshaji wenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na jina la kampuni wanalikuta. Basi wanalipa shilingi 199 za usajili. Mkopo hauji. Wanaotafuta kazi nao huenda hivyo hivyo: kampuni ipo kweli, geti lake wanalijua, wanatuma 550 za kadi ya kuingilia, na siku ya kuripoti mlinzi anawarudisha nyumbani.

Walikagua jina, na jina ni kitu chepesi kuazima. Tapeli hahitaji kubuni kampuni wakati anaweza kunakili nembo na namba ya leseni ya kampuni halali. Mwongozo huu unakufundisha kukagua njia yote inayotoka kwenye jina hadi kwenye pesa. Njia hiyo ikikatika mahali popote, usilipe.

## Unachohitaji

- Simu yako na bando kidogo. Kazi yote huchukua kama nusu saa.
- Kalamu na karatasi. Utaandika majina matatu na kuyalinganisha, na kichwa peke yake husahau.
- Tangazo lenyewe, au ujumbe, au kiungo ulichotumiwa.
- Salio la kupiga simu moja, au nauli ya matatu hadi getini kama ni kazi ya hapa karibu.

Namba yako ya siri ya M-Pesa haihitajiki katika hatua yoyote ya ukaguzi. Ukijikuta unaiandika, umeshatoka kwenye ukaguzi na umeingia kwenye malipo.

## Hatua ya 1: Hifadhi tangazo kabla hujajibu

Piga picha ya skrini ya tangazo, ya ukurasa uliolitoa na ya mazungumzo yote ya WhatsApp. Andika kwenye karatasi namba ya simu iliyotumika na anwani ya tovuti, herufi kwa herufi.

Sababu ni kwamba WhatsApp humruhusu mtumaji kufuta ujumbe wake hata kwenye simu yako. Wanaodai ada hufuta mara tu mlipaji anapoanza kulalamika, na kurasa zao za Facebook hubadilishwa jina. Mtu anafika kituoni na simu isiyo na kitu ndani.

Umefaulu hatua hii ikiwa mtu mwingine anaweza kusoma picha zako na kuelewa kisa chote bila wewe kumweleza.

Hapo hapo angalia mwisho wa anwani ya tovuti. Anwani zinazoishia na `.go.ke` ni za taasisi za serikali pekee. Zinazoishia na `.co.ke` au `.com` hununuliwa na yeyote. Neno "government" au "county" katikati ya anwani halina uzito wowote. Kinachohesabika ni mwisho wake.

## Hatua ya 2: Jua pesa zinaingia mfuko wa nani

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila aliyepoteza pesa aliiruka, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Apu na tovuti nyingi za mikopo ya uongo hazikupi namba ya kulipia. Unajaza jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu, unabonyeza kitufe, kisha dirisha la M-Pesa linachomoza lenyewe kwenye simu likikuomba namba ya siri. Watu huliona dirisha hilo kama uthibitisho kwamba mambo ni rasmi, kwa kuwa limetoka M-Pesa. Ukweli ni kwamba mfanyabiashara yeyote mwenye Till au Paybill anaweza kuomba malipo kwa njia hiyo, awe muuza samaki au mwenye duka la simu.

Dirisha hilo lakini lina faida moja kubwa kwako. Kabla hujaandika namba ya siri, linataja kiasi na jina la anayelipwa. Soma jina hilo, liandike kwenye karatasi, kisha bonyeza Cancel. Hujatozwa chochote.

Sasa linganisha. Tangazo linasema kampuni ya mikopo, ila dirisha linataja duka la vipodozi, jina la mtu binafsi, au "ventures" usiyoijua? Ukaguzi umekwisha. Huna haja ya kwenda hatua ya 3.

Ukipewa namba ya kulipia mwenyewe, uliza kwanza: "Nikiweka namba hiyo litatokea jina gani?" Kisha sikiliza jibu. Wengi husema, "Litatokea jina la wakala wetu, usijali." Kampuni yenye leseni hukusanya pesa zake kwa Paybill yenye jina lake, kwa sababu lazima ijue nani amelipa nini. Haina sababu ya kupitisha pesa za wateja kwenye laini ya mtu.

Kwa aliyekwisha kulipa, ujumbe wa uthibitisho nao unaeleza pesa zilikwenda kwa nani. Kuna sura tatu:

```
Confirmed. Ksh199.00 sent to JINA LA MTU 07XXXXXXXX on ...
Confirmed. Ksh199.00 paid to JINA LA DUKA. on ...
Confirmed. Ksh199.00 sent to JINA LA KAMPUNI for account ...
```

Ya kwanza ni laini ya mtu. Ya pili ni Till. Ya tatu ni Paybill. Ukitambua ni ipi, utajua pia jinsi ya kudai pesa zako katika hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Kama ni mkopo, tembea kutoka kwenye orodha kuja kwenye apu

Wasomaji wengi huanza na apu waliyotumiwa, halafu wanatafuta jina lake kwenye orodha. Geuza mwelekeo. Anza na orodha, uishie kwenye apu, kisha uone kama ni ile ile uliyonayo.

Tangu kanuni za mwaka 2022, anayekopesha kwa simu bila kuwa benki au taasisi nyingine iliyokwisha kudhibitiwa lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Fungua centralbank.go.ke na utafute Directory of Digital Credit Providers. Chukua toleo la karibuni, kwa sababu orodha huongezwa.

Utakutana na jambo linalowachanganya wengi: orodha ina majina ya kampuni, na mara nyingi apu ina jina tofauti kabisa. Hapo ndipo tapeli hupenya. Anakutajia kampuni iliyomo kwenye orodha na kudai apu yake ni ya kampuni hiyo, naye anajua hutaweza kukanusha.

Njia ya kukanusha ni hii. Tafuta tovuti ya kampuni hiyo wewe mwenyewe, usitumie kiungo alichokupa. Ndani ya tovuti, bonyeza kitufe kinachokupeleka Google Play. Ukurasa ukifunguka, angalia anwani yake:

```
https://play.google.com/store/apps/details?id=...
```

Maneno yanayofuata `id=` ni kitambulisho cha apu, na apu mbili haziwezi kuwa na kimoja kwenye Google Play. Yaandike. Sasa fungua kiungo ulichotumiwa na tapeli au rafiki, uangalie `id=` yake. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, hiyo ni apu nyingine iliyovaa nguo za jirani.

Kama kiungo chako hakikupeleki Google Play bali kinashusha faili linaloishia na `.apk`, simama hapo. Tangu Januari 2023, Google inataka apu za mikopo za Kenya zioneshe ushahidi wa leseni, na tangu mwisho wa Mei mwaka huo imezikataza kusoma orodha ya watu kwenye simu na picha za mteja. Anayekupa faili nje ya Google Play anakwepa masharti hayo mawili. Apu ya namna hiyo ikishaingia huomba ruhusa ya Contacts, na wiki mbili baadaye mkwe wako anapigiwa simu kwamba wewe ni mwizi wa mkopo ambao hata hukuupata.

Umefaulu hatua ya 3 ukiwa na mambo matatu yanayokubaliana kwenye karatasi: kampuni kwenye orodha, `id=` kutoka tovuti ya kampuni, na jina la mpokeaji wa pesa uliloliona hatua ya 2.

## Hatua ya 4: Ombi moja linalomfichua mkopeshaji wa uongo

Mjibu hivi, kwa adabu na bila kumshutumu: "Sina hiyo 199 sasa. Naomba mkate kwenye mkopo wenyewe, mnitumie kilichobaki."

Mkopeshaji wa kweli ana ada, tena wakati mwingine kubwa. Ila yeye ndiye mwenye pesa, kwa hiyo huikata kabla ya kukutumia au huijumlisha kwenye deni. Hana sababu ya kumwomba mtu asiye na pesa amtumie pesa ili ampe pesa. Tapeli hana mkopo wa kukata, kwa hiyo lazima akatae, na majibu yake yanafanana: mfumo hauruhusu, ni sharti la bima, ni kuthibitisha kwamba laini ni yako, utarudishiwa pamoja na mkopo.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza nguo soko la Kibuye, Kisumu. Ameomba 15,000. Tovuti imemwambia amekubaliwa kwa dakika moja, bila kumuuliza biashara yake inaingiza nini. Analipa 199 za usajili. Ujumbe unafuata: mkopo uko tayari, umezuiliwa hadi alipe 350 za bima. Analipa. Kisha anaambiwa laini yake haifikii kiwango, 620 zinahitajika kuipandisha, na asipolipa ndani ya saa moja atapoteza zote za mwanzo. Jumla ni 1,169.

Tazama ngazi hiyo ilivyopangwa. Kiasi cha kwanza ni kidogo kiasi kwamba hakuna atakayepoteza siku kwenda polisi kwa ajili yake. Cha pili na cha tatu hulipwa kuokoa cha kwanza. Mkopo umeshasahaulika, na anachofukuza sasa ni pesa zake mwenyewe. Hakuna ngazi ya mwisho. Tapeli husimama pale mlipaji anaposimama.

Hapa kuna jambo la kutofautisha. Sacco hutoza ada ya uanachama na hukutaka ununue hisa na kuweka akiba kabla ya kukopa. Huo si utapeli. Unakuwa mwanachama, unapewa namba na risiti, akiba inabaki kwa jina lako, na mkopo huja baada ya muda, si baada ya dakika moja. Sacco zinazopokea amana husimamiwa na SASRA, ambayo nayo huchapisha orodha ya zilizo na leseni. Mtu akikudai "ada ya Sacco" leo akiahidi mkopo jioni, amechukua neno la Sacco na kuacha Sacco yenyewe.

## Hatua ya 5: Kama ni kazi, pata jibu kutoka upande wa pili wa geti

Matangazo ya kazi ya uongo huku kwetu yana umbo moja. Mashamba ya maua ya Naivasha, viwanda na maghala ya Nakuru, supamaketi za Kisumu, mashirika ya misaada: yanahitaji watu wengi kwa mara moja, uzoefu hauhitajiki, mshahara uko juu ya kazi hiyo, na kuripoti ni kesho kutwa. Mahojiano ni ya WhatsApp. Kisha inadaiwa ada ya kadi ya getini, sare, mafunzo au "faili".

Kupiga namba iliyo kwenye tangazo kuuliza kama tangazo ni la kweli ni kumuuliza mwizi kama ameiba. Tafuta namba ya ofisi kwenye tovuti ya kampuni au kibao chake, upige saa za kazi, uombe afisa wa wafanyakazi. Uliza maswali mawili tu: "Je, mna nafasi hii?" na "Je, mnapokea malipo yoyote kwa anayeomba?" Andika siku na cheo cha aliyekujibu.

Kama ni karibu, nenda. Muulize mlinzi wa geti. Kazi za vibarua nyingi huchukuliwa pale pale getini, na mlinzi ndiye huwapokea waliotapeliwa wakiwa na barua zao za bandia, kwa hiyo mara nyingi anaujua mchezo kabla ya ofisi.

Tangazo likisema ni kazi ya serikali, lifuate kwa mwajiri mwenyewe: Tume ya Utumishi wa Umma, TSC, au bodi ya utumishi ya kaunti yako. Kuomba kazi huko hakulipiwi. Kama ni wakala, hasa wa kazi za nje ya nchi, jina lake litafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira katika `neaims.go.ke`, kisha nenda ofisini kwake. Wakala aliyesajiliwa ana chumba, kibao na mtu wa kukufungulia mlango.

Kuna gharama za kweli zinazoambatana na kazi, na tapeli hujificha ndani yake. Mwajiri anaweza kutaka cheti cha mwenendo mwema, ambacho ni 1,050, au cheti cha afya kwa kazi ya chakula. Tofauti ni nani unayemlipa. Cheti cha mwenendo mwema unakiomba ndani ya akaunti yako ya eCitizen, unalipa humo humo, na cheti kinatoka kwa jina lako. Ukiikosa kazi hii utakitumia kwingine. Mtu akikuambia, "Nitumie mimi 1,050 nikushughulikie," umeambiwa ulipe mfuko wake.

Umefaulu hatua ya 5 ukiwa na jibu kutoka kwa mtu ambaye hakutoka kwenye tangazo.

## Hatua ya 6: Kama umeshalipa

Fuata mpangilio huu. Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala hazirudishwi kwa kubonyeza simu.

Kwanza, usilipe tena. Hata 50. Usimwambie tapeli kwamba umeshtuka, maana ataharakisha kutoa.

Pili, tuma ujumbe mzima wa M-Pesa kwenda 456. Hilo ni ombi la kurudisha muamala. Kosa la kawaida ni kutuma namba ya muamala peke yake au kusubiri hadi jioni. Kama pesa zilikwenda Till au Paybill, piga pia 100, kwa sababu mwenye biashara huhusishwa na jambo huchelewa. Ukifaulu utapata ujumbe kwamba ombi limepokelewa, na baadaye mwingine wa matokeo. Ombi linaweza kukataliwa ikiwa mpokeaji ameshatoa pesa au anapinga. Hilo likitokea, kesi yako inabaki ya polisi.

Tatu, tuma namba ya tapeli kwenda 333. Ni bure. Hairudishi pesa zako, ila husaidia namba kufungiwa kabla ya mwingine kulipa.

Nne, safisha simu. Fungua Settings, kisha Apps, ichague apu hiyo, ingia Permissions na uondoe Contacts, SMS na Camera, ndipo ubonyeze Uninstall. Kama uliandika namba ya siri ya M-Pesa popote nje ya dirisha la M-Pesa lenyewe, ibadilishe sasa hivi. Waambie jamaa zako mapema kwamba huenda wakapigiwa. Simu ya vitisho haina nguvu kwa mtu aliyekwisha kuambiwa.

Tano, kama ulituma picha ya kitambulisho, piga `*106#` uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako. Ukiona usiyoijua, iripoti. Rudia baada ya mwezi, kwa kuwa picha hiyo hukaa nao.

Sita, nenda kituo cha polisi kilicho karibu na uchukue namba ya OB. Beba picha za hatua ya 1 zikiwa zimechapishwa, pamoja na ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala. Bila karatasi, afisa huandika mstari mmoja usiofuatiliwa. Kama huwezi kufika kituoni, unaweza kuripoti kwa DCI bila malipo kwa 0800 722 203. Apu ikiwa imechukua na kusambaza majina ya watu wako, lalamiko hilo ni la Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kupitia `odpc.go.ke`.

Siku chache baadaye tarajia simu nyingine. Atakayepiga atajua kiasi ulichopoteza na siku uliyolipa, atajiita afisa wa huduma kwa wateja au wakili wa kurejesha pesa, na atataka ada ndogo ya kufungua faili. Anajua hayo yote kwa sababu ni wale wale, au amenunua orodha kutoka kwao. Safaricom hupigia wateja wake kwa 0722 000 000. Kata simu ya namba nyingine yoyote, na hata hiyo ikikuomba namba ya siri, kata kisha upige 100 mwenyewe.